Tableti moja tu ndiyo inagoma? Iache tableti, iulize seva

*"Wakuu, mfumo wetu wa mauzo dukani (pembejeo, hapa Majengo) unafunguka vizuri kwenye laptopu mbili na simu ya bosi, wote wanatumia brauza. Tableti ya kaunta, Android 9, inatumia programu yake na inagoma: 'Trust anchor for certification path not found'. Imeanza tangu tuweke cheti kipya cha kulipia wiki iliyopita. Saa na tarehe ziko sawa. Fundi anasema atatutengenezea toleo la programu lisilokagua cheti, laki moja na nusu. Nimlipe?"*

Usimlipe. Hata hela ya soda usimpe. Mimi nililipa elfu themanini kwa ujanja huohuo, halafu nikalipa tena mara kadhaa zaidi ya hapo kuusafisha, na hiyo mara ya pili hakuna aliyenipa risiti.

Nilikuwa nimetengeneza programu ya kurekodi mizani ya zabibu kwa ushirika mmoja upande wa Hombolo. Karani anapima, anaandika jina la mkulima na kilo kwenye tableti, mkulima anapewa kikaratasi. Mtandao ukiwepo, rekodi zinakwenda kwenye seva. Usipokuwepo, zinakaa kwenye foleni ndani ya tableti hadi karani afike mjini. Katibu na mhasibu walikuwa wanaangalia hesabu kwenye laptopu, kwa brauza. Msimu mzima kimya, hakuna tatizo.

Kisha nikahamisha mfumo kwenda seva nyingine. Nikaandika setingi za Nginx, programu inayotoa tovuti kwenye seva, kwa mkono saa sita usiku, nikafungua kwenye laptopu yangu, kufuli kipo, nikalala. Asubuhi karani ananipigia: tableti inagoma. Maneno yaleyale uliyoyaona wewe. Laptopu zote safi, kwa hiyo kila mtu, mimi wa kwanza, akasema tableti imekufa.

Hapo ndipo alipoingia mtaalamu wangu. Kijana ana maneno, ana miwani, ana stika kwenye laptopu. Hakuuliza chochote kuhusu seva. Kwanza akanitumia faili la cheti kwa WhatsApp, "weka kwenye tableti, mzee." Nikaweka. Jioni mbili zikapotea, kwa sababu tangu Android 7.0 programu za kawaida hazikiamini cheti alichokiongeza mtumiaji kwa mkono, labda mtengenezaji awe ameruhusu ndani ya programu yake. Aliyetengeneza ni mimi, na sikuwa nimeruhusu, wala sikujua kama kuna cha kuruhusu. Cheka tu.

Baada ya hapo akaja na dawa ya pili, hiyo anayokuuzia fundi wako: kipande cha msimbo kinachoiambia programu ikubali cheti chochote kinacholetwa mbele yake. Mistari kama kumi. Tableti ikaamka palepale, karani akashangilia, nikatoa elfu themanini na kumshukuru juu.

Wiki tatu baadaye karani alikuja mjini bando limeisha. Akalala nyumba ya wageni yenye waifai, ile ambayo kabla ya kutumia lazima uingize namba ya vocha. Akaunganisha, hakuingiza namba, akabonyeza "Tuma". Waifai za namna hiyo zina lango: mtu ambaye hajalipa akiomba kwenda popote, lango linamdaka na kumjibu lenyewe, kwa cheti chake lenyewe. Programu inayokagua ingeona kwamba cheti hicho si cha seva yangu na ingekata mawasiliano hapohapo, rekodi zikabaki kwenye foleni. Yangu ilikuwa imeshafundishwa kutouliza. Ikakabidhi rekodi kwa lango, lango likajibu kwa ukurasa wa "Karibu, weka namba ya vocha" wenye msimbo 200, maana yake sawa. Programu ikaona 200, ikasema zimepokelewa, ikafuta foleni. Mizani 163, kazi ya siku mbili.

(Ndiyo, najua, sikupaswa kufuta kwa kuona 200 tu bila seva kurudisha idadi ya ilichopokea. Hilo ni kosa langu mwenyewe na nimeshalitubu. Lakini lisingefika hata kuonekana kama ukaguzi wa cheti ungekuwepo.)

Tuligundua siku ya malipo. Bibi mmoja akasimama mezani na kikaratasi chake kilichokunjwa mara nne: "Mjukuu wangu, zabibu zangu kilo 412 zimekwenda wapi?" Nyuma yake foleni. Ilibidi nikae Hombolo siku nne naingiza vikaratasi kimoja kimoja, na waliopoteza vikaratasi tukasuluhishana kwa mashahidi na kwa mfuko wangu. Pia tukabadilisha nywila zote, kwa sababu programu ilikuwa ikituma nywila ya karani kila inapoomba kuingia, na hakuna ajuaye lango lile linahifadhi nini. Nikampigia mtaalamu. Akaniambia "lakini si ilifanya kazi?" Sijawahi kumjibu mpaka leo.

Sasa ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Tableti ilikuwa nzima. Iliyokuwa na kosa ni seva, na tableti ndiyo pekee iliyosema ukweli.

Cheti cha tovuti yako hakijasainiwa moja kwa moja na mzizi, yaani cheti kikuu ambacho simu inakiamini tangu kiwandani. Katikati kuna cheti kingine: mzizi umesaini cha kati, cha kati kimesaini chako. Kifaa kina mizizi tu. Cheti chako na cha kati vinatakiwa viletwe na seva. Seva ikileta chako peke yake, kifaa kinabaki na ncha mbili za kamba zisizofika.

Mbona laptopu zinakubali? Kwa sababu brauza zina huruma. Ndani ya cheti chako huwa kuna anwani ya kupakulia cheti cha kati, na Chrome au Edge ikikosa kitu inakwenda kukichukua yenyewe. Firefox inatembea na orodha yake ya vyeti vya kati vinavyojulikana. Programu za Android kwa kawaida hazifanyi hivyo. Usipozipa haziendi kuomba kwa jirani. Kwa hiyo kufuli kwenye brauza hakithibitishi kitu chochote, na `nginx -t`, amri ya kukagua setingi, nayo itakuambia kila kitu kipo sawa, maana haikagui hilo.

Kanuni yangu ni moja tu: kifaa kimoja kikigoma, usikiguse kabla hujaiuliza seva inatoa vyeti vingapi. Unaiuliza hivi, kwenye kompyuta yoyote ya Linux au kwenye seva yenyewe, ukiweka jina lako badala ya langu la mfano:

```
openssl s_client -connect mizani.example.com:443 \
  -servername mizani.example.com </dev/null
```

Mimi nilipoamka na kuiuliza, ilinijibu hivi (nimebakiza mistari inayohusika):

```
Certificate chain
 0 s:CN = mizani.example.com
   i:C = US, O = Let's Encrypt, CN = R11
---
Verify return code: 21 (unable to verify the first certificate)
```

Herufi `s` ni mwenye cheti, `i` ni aliyekisaini. Namba 0 ni cheti changu, kimesainiwa na R11. Namba 1, ambayo ingekuwa R11 mwenyewe, haipo. Ndiyo hiyo 21. Usiku ule nilikuwa nimeandika `cert.pem` kwenye setingi, ambayo ni cheti changu kikavu, badala ya `fullchain.pem` ambayo ina changu na cha kati pamoja. Neno moja. Nikabadilisha, nikaifanya Nginx isome setingi upya, `Verify return code: 0 (ok)`, na programu ya zamani yenye ukaguzi ikafanya kazi kwenye tableti ileile.

Kwako wewe, cheti ni cha kulipia, kwa hiyo muuzaji alikutumia furushi lenye faili zaidi ya moja. Naweka dau kwamba aliyeweka alichukua lenye jina la kikoa chenu na kuliacha la pili, ambalo mara nyingi huitwa `ca-bundle`. Yaunganishe, lenu likitangulia:

```
cat duka.crt duka.ca-bundle > duka-kamili.crt
```

Halafu `ssl_certificate` ielekee `duka-kamili.crt`, na uifanye seva isome setingi upya. Ukigeuza mpangilio, Nginx itakataa kwa `key values mismatch`, kwa sababu inalinganisha ufunguo na cheti cha kwanza. Jambo jingine lililonichosha kichwa siku nyingine: faili la kwanza likiisha bila mstari mpya, `END CERTIFICATE` na `BEGIN CERTIFICATE` vinagandana kwenye mstari mmoja na seva haisomi. Lifungue uangalie kwa macho, ni dakika moja.

Na usipunguze furushi ukidhani vyeti vimezidi. Wauzaji wengine wamehamia mizizi mipya ambayo Android 9 haikuzaliwa nayo, na ndani ya furushi wanaweka cheti cha daraja kinachopeleka kwenye mzizi wa zamani. Ukikiondoa, kompyuta yako yenye mizizi mipya itasema 0 (ok) huku tableti ikiendelea kulia.

Hiyo ndiyo hali pekee ninayokubali kuilaumu tableti: seva inatoa mnyororo wote, ila kifaa hakiujui mzizi. Mfano mzuri ni Android iliyo chini ya 7.1.1 na vyeti vya Let's Encrypt. Haiujui ISRG Root X1, mzizi wa Let's Encrypt. Ilibebwa kwa muda na mzizi wa zamani, DST Root CA X3, hata baada ya mzizi huo kuisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021, kwa kuwa Android haiangalii tarehe ya mzizi. Mpango huo nao uliisha 2024. Kwenye tableti za namna hiyo Firefox ya toleo la zamani inaweza kukusaidia, inakuja na mizizi yake. Kwa programu, mtengenezaji anaweza kuuweka mzizi unaohitajika ndani yake, na ukaguzi ukabaki palepale. Ya kwako ni Android 9, si kizee kiasi hicho.

Endesha ile amri kabla ya fundi kurudi, uweke majibu hapa. Jina la duka lifute kama unaona aibu. Ninachotaka kuona ni kama chini ya 0 kuna 1.