Tangazo la saa nane, wazee wameliona asubuhi

*Sisi ni skuli ya msingi huku Wete. Tulipanga matokeo ya muhula yatoke kwenye tovuti yetu ya WordPress saa nane mchana. Tangazo limetoka saa kumi na moja, na karatasi ya matokeo ilishazunguka WhatsApp tangu asubuhi. Fundi anataka tununue programu nyingine ya kupangia. Tununue?*

Msinunue kitu, mwalimu. Hizo saa tatu zimejieleza zenyewe: tovuti yenu inahesabu kwa saa za UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ingia `Settings`, `General`, kisha `Timezone`, chagua Dar es Salaam. Tangazo lililokwisha kupangwa lifungue ulipange upya, kwani linabaki na saa yake ya zamani. Na uandike 14:00. Nimeshakuta mtu kaandika 8 kwa kuwa ni saa nane.

Lakini hilo dogo. Linalonikera, nalikuta kila muhula, ni kuamini kwamba tangazo likipangwa, na karatasi iliyomo imefichwa. Haikufichwa. Kinachongoja saa ni ukurasa tu. PDF inakuwa wazi kwa dunia nzima dakika ile ile unapoipakia, na kiungo chake ni mwaka, mwezi na jina la faili:

```
/wp-content/uploads/2025/11/matokeo.pdf
```

Mwalimu mmoja akimtumia mwenzake kiungo hicho ili ahakikishe majina, basi tena. Hajavunja kufuli, maana haikuwepo. Jaribu mwenyewe: nakili kiungo cha faili, kifungue kwenye simu ambayo haijaingia kwenye tovuti. Ikifunguka kabla ya wakati, yameshatoka.

Kwa hivyo msipakie faili. Yaandikeni matokeo ndani ya tangazo lenyewe, kwa namba za mtihani bila majina, kwani maandishi ya tangazo lililopangwa mgeni hayaoni mpaka saa ifike. Siku moja kabla, pangeni tangazo la majaribio litoke baada ya dakika 5, mlitazame kwa simu hiyo hiyo. Likichelewa, jueni WordPress huangalia ratiba yake pale mtu anapofungua tovuti. Isipofunguliwa, hakuna wa kuiamsha. Mwenye seva anaweza kuiwekea kazi ya kuiamsha kila dakika.

SMS na kundi la WhatsApp zifuate baada ya tangazo kuonekana, maneno yale yale, zikielekeza ukurasa ule ule. Mafundi wanaouza “programu ya kutuma kwa wote sekunde moja” wanauza hewa: SMS mia tano hupanga foleni, na simu iliyozimwa huipata ikiwashwa. Fundi akija na programu yake, muulize kwanza faili itakaa wapi kabla ya saa nane. Akijibu kwamba itapakiwa mapema “lakini haionekani”, mpe chai aende zake.