Cheni inatoa maji meusi, na maswali mengine ya saa chafu

Kutoka kwa kameza kangu ka fundi hapa River Road, hii wiki nimeulizwa mambo ya uchafu tu. Nadhani ni hili joto na vumbi la mjini. Haya twende.

"Fundi, cheni ya saa yangu nikitoa jasho inatoa maji meusi inachafua kafu ya shati. Napanguza na weti waipu lakini inarudi tu."

Itaendelea kurudi, juu weti waipu inashika uso wa cheni na uchafu wako uko ndani, pale pingili moja inaingia kwa nyingine. Ni mafuta ya ngozi, ngozi iliyokufa, mabaki ya sabuni ya kunawa na vumbi, vyote vimekandamana vikawa kama grisi, sasa jasho likiingia inalainika inateleza mpaka kwa shati.

Kwanza toa cheni kwa saa. Lalisha saa kioo kikiangalia chini juu ya kitambaa laini, pale cheni inashikana na bodi utaona pini nyembamba, iko na springi ndani, unasukuma bega lake na kifaa chenye ncha ya uma hadi inachomoka. Fanyia hiyo kazi ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, mikono yote miwili ndani, kwa sababu hiyo pini ikiruka utaitafuta chini ya kochi hadi jioni. Kama huna kifaa usitumie kisu, utakwaruza bodi, pitia kwa fundi yeyote, ni kazi ya dakika moja. Na kama haitoki kabisa, shika bodi mkononi juu ya maji uchovye cheni peke yake.

Halafu chukua maji ya vuguvugu kama ya kuogesha mtoto, nusu lita hivi, na nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Loweka dakika 15 au 20. Chukua mswaki laini, kunja cheni ndio nafasi zifunguke, sugua upande wa ndani zaidi ya wa nje, na usisahau pale kwa kufuli, hapo ndio kumejaa kabisa. Suuza, ukiona maji bado ya kijivu rudia na maji mapya. Kausha na kitambaa cha miwani, kisha iache mahali penye hewa usiku mzima, maana maji yaliyobaki kwa mashimo ya pini hayaonekani.

Juzi kijana wa makanga aliniletea cheni ya stenlesi ambayo hajawahi kuosha tangu anunue. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi, ya pili ya kijivu, ya tatu ndio yakawa safi. Lakini kwa mashimo mawili kukabaki alama ya kahawia ambayo mswaki haukutoa, na hiyo si uchafu, ni kutu. Watu hushangaa stenlesi inashikaje kutu. Hicho chuma kinajilinda na utando mwembamba sana unaojitengeneza kikipata hewa, uchafu ukiziba hewa na chumvi ya jasho ikikaa hapo hapo, utando unakufa na chuma kinaanza kuliwa. Nilichomoa pini zake mbili zikawa zimekonda katikati, zingekatika akiwa amening'inia mlangoni. Nikaweka mpya. Kwa hivyo ukimaliza kuosha, angalia pini kabla ya kurudisha cheni.

Na blichi, tafadhali wacha. Klorini iliyo ndani inakula stenlesi kuliko hata jasho, inaacha vishimo vidogo ambavyo haviondoki.

"Mkanda wangu wa ngozi unanuka kama raba za shule. Naweza kuloweka na sabuni ya unga?"

Hapana, hata usijaribu. Ngozi iko na mafuta ndani, ukiloweka yanatoka, na ile gundi inayoshika ngozi ya juu na ya chini inafura. Ukikauka unakuwa mgumu kama chapati ya juzi na unapasuka pale kwa matundu.

Chukua kitambaa kilicholoa ukikamue mpaka hakidondoki, kipitishe kidogo kwa kipande cha sabuni ya kuogea, panguza upande unaogusa mkono, kisha panguza mara mbili na kitambaa kingine chenye maji peke yake. Lalisha kivulini siku nzima, si dirishani kwa jua, si nyuma ya friji. Ukishakauka kabisa nyunyizia bekingi soda upande wa ndani, ikae usiku, asubuhi uipanguze na mswaki mkavu, harufu itapungua sana. Lakini kama bitana ya ndani imeanza kuachana ama mashimo ya uzi yamekuwa meusi na laini ukiyabonyeza, huo umeoza, nunua mwingine.

"Kuna mstari mweusi kati ya kioo na ule mduara wa chuma. Nimechokora na sindano sasa nimeona mikwaruzo."

Pole, sindano ndiyo adui namba moja hapo, juu chini ya huo ukingo kwa saa nyingi kuna raba ama plastiki inayozuia maji, ukiichoma umefungua mlango.

Tumia kijiti cha meno cha mbao. Ponda ncha yake kidogo ikuwe kama brashi, ilowe tu, isidondoke. Hakikisha kile kinobu cha pembeni kimesukumwa ndani, geuza saa kioo kiangalie chini, ufuate mfereji pole pole ukizunguka, kila robo unapanguza kijiti. Uchafu unatoka kama utepe mdogo wa kijivu, inafurahisha kweli. Sasa kama hakuna kitu kinatoka na mstari una unene mmoja pande zote, hiyo ndiyo raba yenyewe, ni nyeusi tangu kiwandani, iache!

Usitumie dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kama kioo ni cha plastiki, na ukigonga na ukucha utasikia mlio mzito wa plastiki, kitakuwa na ukungu milele.

"Nyuma ya saa kuna kitu kijani, na mkono unabaki na alama. Ni sumu?"

Si ya kukutisha, ila usiiache hapo. Bodi yako ni ya shaba iliyopakwa rangi ya chuma juu, rangi imeisha na jasho linakula shaba. Panguza na pamba yenye siki kidogo, kisha pamba yenye maji, kisha kavu. Itarudi, kwa hivyo paka rangi ya kucha isiyo na rangi nyuma, inasaidia wiki chache. Kama mkono unawasha na kutoa vipele, wacha kuivaa kabisa.

"Niliosha saa nzima chini ya mfereji, nyuma imeandikwa mita 30. Sasa kioo kina mvuke ndani."

Hizo mita 30 ni kipimo cha saa mpya na maji yaliyotulia, maana yake halisi ni mvua na kunawa mikono, na raba huzeeka. Wacha mambo ya mchele, mvuke umefungiwa ndani na mchele uko nje. Usiiweke kwa hita pia. Leo leo ipeleke kwa fundi afungue mgongo, akaushe, na kama ni ya betri aitoe, kwa sababu ukingoja hadi wikendi mashine itakuwa imeshaanza kushika kutu.