Dakika kumi za kongamano: kila slaidi ijibu imebeba nini

Ukipata barua kwamba mada yako imekubaliwa na una dakika kumi, usianze na faili. Anza kwa kumwandikia mratibu umuulize kama dakika hizo zinajumuisha maswali. Kwenye mikutano mingi ya kisayansi "kumi" maana yake ni nane za kusema na mbili za kuulizwa, na wapo wanaotoa kumi kamili kisha wakaongeza mbili za maswali. Tofauti hiyo ya dakika mbili ni robo ya mada yako. Ukikosa jibu, chukua kwamba ni nane, kisha panga saba na nusu, kwa sababu kupanda jukwaani, kupokea kipaza sauti na kutafuta faili lako kwenye laptopu ya ukumbini huwa kunahesabiwa kwako.

Sasa geuza muda huo kuwa maneno. Nikizungumza Kiswahili bila kukimbia, natamka maneno kama 100 kwa dakika. Saba na nusu ni maneno 750, yaani ukurasa mmoja na nusu hivi wa maandishi. Ndiyo mada yote hiyo. Mtu akishaona kwamba utafiti wake wa miaka miwili una ukurasa mmoja na nusu, mazungumzo kuhusu slaidi huwa mafupi zaidi.

Nitaeleza kwa mada moja niliyosaidia kuipunguza, ya mwenzangu kazini ambaye ni mdogo kwangu. Alikuwa na slaidi 28 alizozitumia kwenye semina ya idara, dakika arobaini, na alitakiwa kuzipeleka kwenye kikao cha watu wa hifadhi ya nafaka. Utafiti wenyewe ulihusu chupa ya chumvi. Mkulima anatia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, anaongeza chumvi kavu, anatikisa, anaacha vitulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Isipogandia, yako chini ya hapo. Ni njia ya zamani, haina gharama, na maofisa ugani wengi wanaifundisha. Shida ni kwamba kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13.5. Kati ya 13.5 na 15 kuna ukanda ambao chupa inasema "makavu" na kiwango kinasema "bado". Mkulima akiyafunga hapo kwenye mfuko usiopitisha hewa, ameufungia unyevu ndani.

Nilimwomba afanye jambo moja kabla ya kufuta chochote: chini ya kila slaidi, kwenye sehemu ya maelezo ya msemaji, aandike sentensi moja inayoanza na maneno "Nikiitoa hii, msikilizaji hataamini kwamba…" na aimalize. Sentensi ikikamilika, slaidi imebeba kitu. Ikishindikana, slaidi ipo kwa sababu nyingine, na sababu hizo nyingine huwa ni zile zile: inamkumbusha msemaji aseme nini, inaonyesha kwamba kazi ilikuwa ngumu, au ilikuwepo kwenye semina.

Slaidi ya "Yaliyomo" ilianguka papo hapo. Hakuna anayehitaji ramani ya safari ya dakika saba. Ya "Malengo mahususi" nayo, kwa sababu lengo lenyewe ni swali moja linaloweza kukaa chini ya kichwa cha mada: je, chupa ya chumvi inatosha kumwambia mkulima afunge mfuko? "Asanteni kwa kunisikiliza" ilitoka pia. Hiyo naichukia kidogo, kwa sababu inakaa kwenye skrini muda wote wa maswali huku jibu la utafiti limefichwa nyuma yake. Nembo za wafadhili zilishuka kwenye kona ya slaidi ya kwanza.

Ubishi ulikuja kwenye ramani ya vijiji.

"Kaka, hii ramani nimeichora mwenyewe, imekula wiki."

"Imebeba nini?"

"Inaonyesha tulikokwenda."

"Kuna mtu ukumbini atakataa kwamba mlikwenda?"

Alicheka, lakini hakuifuta siku hiyo, na sikumlazimisha. Ramani ingebaki kama hoja yake ingetegemea mahali, kwa mfano kama chupa ingetoa majibu tofauti ukanda wa joto na milimani. Hoja yake haikutegemea hilo. Majina ya wilaya yanasemwa kwa sekunde tano.

Slaidi za utangulizi zilikuwa nne, zote kuhusu sumukuvu: kuvu wanaoizalisha, madhara yake kwa ini, viwango vinavyoruhusiwa, na mlipuko wa 2016 huko Dodoma na Manyara uliosababisha vifo vya watu wapatao 20. Hapa swali la "hataamini" linategemea nani yuko ukumbini. Wataalamu wa nafaka hawahitaji kuaminishwa kwamba sumukuvu inaua. Wanahitaji tu kuunganishiwa unyevu na kuvu, na kuiona ile 13.5. Slaidi nne zikawa moja, na mlipuko ukawa sentensi moja mdomoni. Angekuwa anazungumza na watu wa fedha au madiwani, ningemshauri kinyume chake: sumukuvu ipewe dakika mbili na mbinu zipunguzwe.

Slaidi tano za mbinu ndizo zilizotuchukua muda. Mtafiti huogopa kwamba akipunguza mbinu ataonekana mzembe. Lakini kwenye dakika nane mbinu zinabeba shaka moja tu kubwa, na kazi yako ni kuitambua. Kwa mada hii ilikuwa: je, mahindi yaliyotiwa kwenye chupa ndiyo hayo hayo yaliyopimwa kwa kipima unyevu? Kama ni sampuli mbili tofauti, grafu yote haina maana. Kwa hiyo slaidi moja ikabaki: picha ya sampuli moja iliyogawanywa mara mbili, nusu kwenye chupa, nusu kwenye kipima. Kukausha chumvi kabla ya kutumia, kusahihisha kipima kwa kulinganisha na tanuri, jinsi kaya zilivyochaguliwa, vyote ni maswali halali, lakini ni maswali ya mtu mmoja mmoja. Vilikwenda nyuma ya slaidi ya mwisho kama akiba.

Matokeo yalikuwa majedwali manane, kila moja na safu zilizojaa namba. Jedwali linamtaka msikilizaji asome, na akisoma hakusikii. Tulichora grafu moja badala yake. Mhimili wa chini ni unyevu kwa mujibu wa kipima. Kila nukta ni sampuli. Rangi ya nukta ni jibu la chupa. Mstari wa wima umesimama kwenye 13.5 na mwingine kwenye 15. Mtu anaona mwenyewe nukta za rangi ya "makavu" zikivuka mstari wa kwanza. Grafu hiyo ndiyo mada, kwa hiyo ilipewa dakika mbili kamili. Watu husahau kwamba grafu ngeni inahitaji karibu nusu dakika ya kueleza mihimili kabla hujasema chochote kuhusu nukta.

Mwishoni zilibaki saba: kichwa na swali, sekunde 30; unyevu na kuvu, 60; chupa inavyofanya kazi, 60; sampuli moja vipimo viwili, 60; grafu, 120; grafu ile ile na ukanda wa 13.5 hadi 15 umepakwa rangi, 60. Ya saba ni ushauri kwa ofisa ugani, 60. Jumla ni sekunde 450, dakika saba na nusu. Huo ushauri wa mwisho ni kwamba chumvi itumike kukataa mahindi mabichi, na isitumike peke yake kuruhusu kufunga mfuko. Isipogandia, mkulima aendelee kuanika, kisha apate kipima kabla ya kufunga.

Saba si namba takatifu. Ungeweza kuwa na kumi na tano za picha tupu na ukamaliza mapema. Ndiyo maana sipendi kanuni ya slaidi moja kwa dakika: inawafundisha watu kubana. Wanachukua grafu mbili wanaziweka kwenye slaidi moja, wanapunguza herufi, hesabu inashuka kutoka kumi na nne hadi saba, na muda unabaki vile vile kwa sababu maneno hayajapungua. Slaidi yenye vipengele vitano vinavyoingia kimoja kimoja kwa kubofya ni slaidi tano. Dalili ya kubana ni rahisi kuiona: ukijaribu kuandika ile sentensi ya "hataamini kwamba…" inakuja na neno "na" katikati.

Grafu ya ukanda tuliifanya slaidi inayojitegemea, bila kutumia uhuishaji, kwa sababu waandaaji wengi hukusanya mafaili kwa PDF, na PDF hulaza hatua zote za uhuishaji kwenye ukurasa mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo slaidi za akiba ziwe mwishoni kabisa, zisifichwe katikati. Ukifika kwenye maswali na unatumia PowerPoint, andika namba ya slaidi kisha bonyeza `Enter`, utaruka moja kwa moja bila kuwapitisha watu kwenye zote.

Kupima muda, simama na useme kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo hudanganya. PowerPoint ina `Rehearse Timings` kwenye kichupo cha `Slide Show`, inayoonyesha kila slaidi ilichukua sekunde ngapi, na hapo ndipo utaona ni ipi inayokula zaidi ya mgao wake. Ila ikikuuliza mwisho kama uhifadhi muda huo, kataa, au uondoe alama kwenye `Use Timings`. Usipofanya hivyo slaidi zitajigeuza zenyewe jukwaani, kwa mwendo wa siku ya mazoezi.

Chukua pia karatasi ndogo yenye alama moja tu ya muda: grafu ianze dakika 3:30. Ukiifikia 4:00 bado uko salama. Ukiifikia 4:30 kata maelezo ya ukanda yawe sentensi mbili na uende kwenye ushauri.

Na kwa kuwa vikao huchelewa, amua ukiwa nyumbani nini kitaanguka mwenyekiti akikwambia "tafadhali, dakika sita". Hapa ilikuwa slaidi ya unyevu na kuvu, ikifuatiwa na nusu ya maelezo ya chupa. Hadhira ile ilikuwa inavijua. Grafu na ile sampuli iliyogawanywa haziguswi, hata mkibaki na dakika nne.