Namba ya kwenye kontrola haikwambii joto la kila trei, jifunze kupima pembe zote za inkubeta yako

Wafugaji wenzangu wa Dodoma na huku kati, leo naongea na mwenye inkubeta iliyokamilika, yaani ina thamostati, ina kontrola ya unyevu, ina mota inayolaza trei kila saa, af bado kila awamu vifaranga wa trei ya juu wanatoka siku ya 20 na wa trei ya chini anawasubiri mpaka ya 22 au 23, na mayai mengine ukiyavunja unakuta kifaranga amekamilika kabisa ila amefia ndani. Hapo watu wanasingizia jogoo, wanasingizia mayai yamekaa sana, wakati mayai yametoka banda moja na yameingia siku moja. Ukiona trei moja inawahi na nyingine inachelewa, jua joto limegawanyika vibaya ndani ya boksi.

Sababu yenyewe ni kwamba sensa ya thamostati inasoma pale ilipo tu. Ikiwa katikati na skrini ikaandika 37.6, hiyo ni katikati, pembe ya chini karibu na mlango yenyewe haijaulizwa. Kwa mashine yenye feni tunataka mayai yote yakae kwenye 37.5 hadi 37.7, na mimi tofauti kati ya sehemu yenye joto zaidi na yenye joto dogo nikikuta imezidi nusu nyuzi siweki mayai ya watu humo.

Nitaelezea kwa mashine ya mama mmoja wa Nzuguni niliyoipima, boksi la plaiwudi, trei tatu, balbu juu na feni moja.

Kwanza vipimajoto. Tulitumia vitano, vile vidogo vya dijitali vyenye waya na kichwa cha sensa, bei yake ni ndogo ila kila kimoja kinasema lake, kwahiyo lazima uvilinganishe kwanza. Usijaribu kwa maji yanayochemka ukitegemea 100, Dodoma tuko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, utaharibu hesabu yote. Chukua kipimajoto cha homa cha dijitali, kile cha kwapani, maana hicho kimetengenezwa kuwa sahihi hapohapo kwenye joto tunalolitaka sisi. Weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, zamisha vichwa vyote pamoja, koroga taratibu muda wote, soma. Cha homa kinashika namba ya juu, kwahiyo kila ukitaka kusoma tena kizime ukiwashe upya. Sisi cha homa kilisema 37.5, vyetu vikasema 37.5, 37.6, 37.1, 37.5 na 38.2. Basi tukabandika karatasi, namba mbili toa 0.1, namba tatu ongeza 0.4, namba tano toa 0.7. Fikiria ungekitumia hicho cha mwisho peke yake bila kukihakiki.

Ya pili, usiache kichwa cha sensa kining'inie hewani. Balbu ikiwaka hewa inapanda, ikizima inashuka, namba inacheza hutaelewa kitu. Yai halichezi hivo, linabadilika taratibu. Tafuta vichupa vidogo vinavyolingana, jaza maji, ingiza kichwa cha sensa, ziba, vilaze palepale pa mayai. Waya zipitishe pembeni ya mlango zisibonyee mpira, skrini zikae nje usome bila kufungua. Washa mashine na bakuli la maji likiwa ndani kama kawaida, iache masaa mengi, bora usiku kucha, halafu ndo uanze kuandika, kila baada ya dakika 10 kwa saa moja, uchukue wastani.

Mashine ya mama ilitupa hivi baada ya kusahihisha: juu nyuma 38.4, juu mbele 38.0, katikati 37.6, chini nyuma 37.2, chini mbele 36.6. Tofauti nyuzi 1.8! Na skrini muda wote imetulia kwenye 37.6, wala haikuwa inadanganya.

Watu wengi wakiona hivo wanapandisha thamostati ili chini pawe sawa, matokeo yake juu panaungua. Usiguse thamostati kabla hujajua hewa inaendaje. Washa kijiti cha udi, zungusha karibu na ukingo wa mlango feni ikiwa inafanya kazi. Moshi ukivutwa au ukisukumwa sehemu fulani, hapo panavuja. Kwa mama ulivutwa upande wa chini wa mlango, na ukibana karatasi hapo ukafunga mlango inachomoka bila kukaza, mpira umechoka. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa hapa usiku ni baridi haswa, upenyo kama huo unatosha kuua trei ya chini. Tukabadilisha mpira. Balbu tukazikinga kwa bati jembamba ili zisimulike mayai ya juu moja kwa moja, na trei tukazisogeza zisigusane na ukuta wa nyuma, tukaacha upana wa vidole vinne hewa ishuke. Kipimo cha pili kikatoka 37.8 juu nyuma na 37.3 chini mbele. Imefika.

Ila hapo usifunge daftari, maana kuna kitu wengi hawakipimi kabisa: trei zikigeuka, njia ya hewa inageuka nazo. Tulipima zikiwa zimelalia kulia, mota ilipozilaza kushoto ile chini mbele ikashuka mpaka 36.9, ukingo wa trei ulikuwa unaziba njia ya feni. Tukaisogeza trei kidogo tu ikarudi. Kwahiyo simamisha mota kila upande, acha saa mbili tatu, pima pande zote mbili. Usipunguze mlalo wa nyuzi 45 ili kukwepa hili, sogeza trei.

Unyevu nao unafata joto. Hewa ileile inayosoma asilimia 55 kwenye 37.6 itasoma kama 58 kwenye kona ya 36.6 bila tone la maji kuongezeka, ndo maana nasema sawazisha joto kwanza halafu ndo uhangaike na unyevu. Na bakuli la maji lisikae chini ya trei moja tu, maji yakivukiza yanapoza, liweke pale feni inapochanganya hewa.

Ukishamaliza ndo unagusa thamostati, ili wastani wa sehemu zote uwe 37.6. Kama unatumia STC-1000, F4 inasahihisha usomaji na F2 ni tofauti ya kuwaka na kuzima, iweke 0.3.

Mwisho, boksi tupu na boksi lenye mayai ya wiki mbili si kitu kimoja, kifaranga akikua ndani anatoa joto lake mwenyewe. Siku ya 14 hadi 17 pima maganda yenyewe, katikati na pembeni ya kila trei, kwa kipimajoto cha sikioni, kiguse ganda ubavuni. Likisoma karibu na 37.8 liko poa, ukianza kuona 38.9 kwenda juu katikati ya trei fungua matundu ya hewa zaidi na ushushe thamostati kidogo kidogo huku unapima tena.