Kwa wanaoanza kazi ya kodi: mkopo wa wanahisa na kikomo cha riba

Juma lililopita kijana mmoja wa ofisini kwetu hapa Nakuru aliniletea faili ya kampuni ya maua ili niipitie kabla ya ritani kutumwa. Kazi yake ilikuwa nadhifu na majumlisho yalikubaliana, lakini nilipofika kwenye karatasi ya riba nikakuta amegawanya mikopo kwa mtaji, akapata jibu lililo chini ya tatu, na kuandika kwamba hakuna riba ya kurudishwa kwenye faida. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda, wadogo zangu, na najua mnavyokesha mwezi wa Juni, lakini kosa hili nimelirekebisha mara nyingi mno, na mimi mwenyewe ndiye niliyelifanya kwa gharama kubwa. Kwa hiyo leo nitalieleza lote.

1. Kanuni ya tatu kwa moja ilikwisha tarehe 31 Desemba 2021.

Zamani, kampuni iliyokuwa chini ya udhibiti wa mtu asiye mkazi wa Kenya ilipimwa kwa kulinganisha mikopo yake na mtaji uliolipwa pamoja na faida iliyolimbikizwa. Mikopo ikizidi mara tatu ya jumla hiyo, riba ya ile ziada haikukubaliwa kama gharama. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 iliifuta kanuni hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na katika kifungu cha 16(2)(j) cha Sheria ya Kodi ya Mapato ikaweka kipimo kingine kabisa: riba isizidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na upunguzaji wa thamani ya mali zisizoshikika, ile ambayo kwenye karatasi zetu tunaiandika EBITDA. Yaani sheria iliacha kuuliza kampuni inadaiwa kiasi gani, ikaanza kuuliza shughuli zake zinazalisha kiasi gani cha kubeba riba hiyo.

Mwaka 2023 nilikuwa ninatayarisha ritani ya mwaka wa 2022 ya kampuni yenye shamba la maua katika kaunti hii. Mtaji na faida iliyolimbikizwa vilikuwa shilingi milioni 80. Mwanahisa mkuu, ambaye yuko ng'ambo, alikuwa ameikopesha kampuni milioni 180 kwa riba ya asilimia 9, na benki ya hapa nchini ilikuwa imeikopesha milioni 40 kwa asilimia 13. Nilichukua karatasi ya mwaka uliotangulia, nikabadilisha tarehe, nikaingiza takwimu mpya. Milioni 220 kwa milioni 80 ni 2.75 kwa moja. Nikaweka alama ya kukubali, nikatuma ritani mwishoni mwa Juni, na nikalala vizuri.

Mwezi wa Agosti mkaguzi wa kampuni mama aliandika barua pepe ya mstari mmoja: hesabu ya asilimia 30 iko wapi? Nakumbuka nilivyoisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba bado begani, na jinsi nilivyojua jibu kabla sijakaa. Mabadiliko ya sheria nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa hata nimeyafundisha kwa wenzangu katika kikao cha asubuhi. Lakini karatasi niliyoinakili haikuyajua, na mkono wangu uliifuata karatasi badala ya sheria.

Nilikaa nikaifanya upya. Riba ya mwanahisa ilikuwa milioni 16.2 na ya benki milioni 5.2, jumla milioni 21.4, kwa kuwa mwaka ule kipimo kilihusu riba yote, ya mwanahisa na ya benki. EBITDA ilikuwa milioni 42, na asilimia 30 yake ni milioni 12.6. Riba iliyopaswa kurudishwa kwenye faida ilikuwa milioni 8.8, na kodi yake kwa kiwango cha asilimia 30 ni shilingi 2,640,000. Kodi ya mwaka hukamilishwa kulipwa mwisho wa mwezi wa nne baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, kwa hiyo kufikia Agosti tulikuwa tumechelewa miezi minne: faini ya asilimia 5, shilingi 132,000, na riba ya ucheleweshaji ya asilimia 1 kwa mwezi, shilingi 105,600.

Kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi ya faini. Kwa sheria ilivyokuwa mwaka ule, riba iliyokataliwa haikuhamishwa kwenda mwaka unaofuata. Lau ningeketi na mwenye kampuni kabla ya mwaka 2022 kuanza, sehemu ya mkopo ingaliweza kugeuzwa kuwa hisa mapema na riba hiyo isingezaliwa kabisa. Nilimpigia meneja wa fedha nikamwambia waziwazi kwamba kosa ni langu, nikasafiri hadi shambani kumweleza hesabu ana kwa ana, na tukatuma ritani iliyorekebishwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: kama bajeti ya plastiki mpya ya mabanda ya waridi ingebaki. Haikubaki. Nikipita barabara ile ya shamba, bado ninaangalia mabanda yale.

Ndiyo maana nawaomba: karatasi ya mwaka jana ni kumbukumbu ya mwaka jana. Andikeni juu ya kila karatasi ya riba mwaka wa mapato na kifungu mnachotumia, kisha mkifungue kifungu chenyewe.

2. Sasa msikimbilie upande wa pili na kuingiza riba ya benki ya hapa nchini katika kipimo.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipunguza wigo: kinachopimwa sasa ni riba inayolipwa au inayopaswa kulipwa kwa wasio wakazi. Tuchukue mfano wa mwaka wa 2024, kampuni ya namna ileile. Mauzo ni milioni 180, na gharama za uendeshaji bila uchakavu ni milioni 140. Uchakavu ni milioni 12. Mkopo wa mwanahisa wa ng'ambo ni milioni 200 kwa asilimia 10, hivyo riba yake ni milioni 20. Riba ya benki ya Nakuru ni milioni 6. Faida kabla ya kodi inabaki milioni 2.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaanza na faida ya milioni 2, wanaongeza uchakavu wa milioni 12 na riba ya mwanahisa ya milioni 20, wanapata milioni 34. Riba ya benki wameiacha kwa sababu wamesikia kwamba haihusiki. Haihusiki katika kupimwa, lakini katika kuitafuta EBITDA riba yote hurudishwa, awe aliyelipwa ni nani. Jibu sahihi ni milioni 40, na njia ya kulihakiki ni kushuka kutoka juu: mauzo milioni 180 kutoa gharama milioni 140. Njia hizo mbili zisipokutana, kuna kitu mmesahau. Na kama kampuni ina mapato yasiyotozwa kodi, kwa mfano riba ya hati fungani za miundombinu za serikali, yatoeni kwanza kwa sababu sheria haiyahesabu.

Kikomo basi ni milioni 12. Riba ya mwanahisa ni milioni 20, hivyo milioni 8 zinarudishwa kwenye faida, na riba ya benki ya milioni 6 inabaki gharama kamili. Tukichukulia kwamba punguzo la kodi kwa mali za kudumu linalingana na uchakavu, kampuni iliyoonyesha faida ya milioni 2 inatozwa kodi kwa milioni 10. Mteja atashtuka, na ni wajibu wenu kumweleza mapema, si jioni ya tarehe 30 Juni.

Katika jedwali, EBITDA ikiwa kwenye B5 na riba ya wasio wakazi kwenye B6, riba inayokataliwa ni:

```
=MAX(0,B6-MAX(0,B5*30%))
```

Ile `MAX` ya ndani msiifute. Shamba changa ambalo maua hayajaanza kuuzwa huwa na EBITDA hasi. Bila sehemu hiyo fomula itarudisha kwenye faida kiasi kikubwa kuliko riba yenyewe.

3. Riba iliyokataliwa sasa ina miaka mitatu ya kuishi, basi ifungulieni leja yake.

Zile milioni 8 za mwaka 2024 zinaweza kutumika 2025, 2026 na 2027, ila kwa nafasi inayobaki chini ya kikomo cha mwaka husika. Tuseme mwaka 2025 EBITDA imepanda hadi milioni 75: kikomo ni milioni 22.5, riba ya mwaka huo ni milioni 20, nafasi ni milioni 2.5. Zinazobaki ni milioni 5.5. Nimewahi kupokea faili kutoka kwa mhasibu mwingine ambamo kiasi kilichohamishwa kilitolewa chote kwa mpigo mwaka uliofuata, kana kwamba ni hasara ya kawaida ya biashara. Tulilazimika kuifungua miaka miwili nyuma ili kujua kipi kilikuwa cha mwaka gani, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

4. Kodi ya zuio haijali kikomo.

Riba ikilipwa kwa mwanahisa asiye mkazi, kodi ya zuio ya asilimia 15 hukatwa kwenye milioni 20 zote, si kwenye milioni 12 zilizokubaliwa, na hupelekwa KRA ndani ya siku 5 za kazi.

5. Mwanahisa akisema, "Basi mkopo uwe bila riba," msiitikie upesi.

Mkopo usio na riba kutoka kwa asiye mkazi huhesabiwa riba ya kudhaniwa, kwa kiwango ambacho KRA hukitangaza kila robo mwaka kwa kufuata hati za hazina za siku 91, na kodi ya zuio hudaiwa juu yake. Katika mfano wetu ni afadhali kuzungumza juu ya kugeuza nusu ya mkopo kuwa hisa. Deni linabaki milioni 100, riba inakuwa milioni 10, na iko chini ya kikomo cha milioni 12. Mwambieni pia upande wa pili: gawio halipunguzwi katika hesabu ya kodi kama riba, na fedha zikishakuwa hisa hazirudishwi kwa urahisi kama mkopo. Uamuzi ni wake, lakini aufanye mwaka ukiwa bado mbichi, na akiwa na karatasi yenye hesabu zote mbili mbele yake.

Yule kijana ameirudia faili jana. Juu ya karatasi ya riba ameandika mwaka, kifungu, na chini yake EBITDA kwa njia zote mbili. Zimetofautiana kwa shilingi 340,000, na asubuhi hii nimemwacha akiwa na leja ya benki, anaitafuta riba ya ovadrafti.