Majani ya nyanya za kwenye ndoo yanageuka manjano

"Wakuu, nyanya zangu za kwenye ndoo zinageuka manjano majani ya chini, na namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Nitie mbolea gani? Na aina gani ya nyanya inafaa kwenye ndoo ya lita 10?"

Weka kopo chini, mkuu! Na hiyo mbolea usiinunue.

Mwaka jana nilikuwa na ndoo sita za lita 20 kibarazani. Jamaa aliyeniuzia miche aliniambia nyanya ni mlevi wa maji, kwa hiyo asubuhi na jioni nisikose. Majani ya chini yakaanza manjano, nikaongeza maji. Yakazidi, nikatia yurea kijiko kizima kila ndoo. Baada ya wiki miche ikawa inanyauka mchana, nami nikasema masikini, ina kiu, nikaimiminia tena. Hata mke wangu hajawahi kuhudumiwa vile.

Ndoo ya kwanza ilipokufa niliipindua. Udongo chapachapa, unanuka kama mtaro. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiuvuta mmoja ganda linatoka unabaki na kijiuzi. Mizizi mizima huwa myeupe na migumu kidogo. Mizizi inahitaji hewa, na maji yakijaa udongoni hewa haina pa kukaa, mizizi inaoza. Ikioza haivuti maji wala naitrojeni, ndiyo maana mmea unanyauka ukiwa umesimama kwenye maji, na unanyang'anya majani ya chini chakula uyape machanga ya juu. Mimi nikaleta yurea juu ya mizizi mibovu! Na yule jamaa nilipomrudia akaniuzia miche mingine, na maelekezo yale yale.

Kanuni ni moja: kidole kwanza. Chomeka mpaka pingili ya pili, kama sentimita 5. Ukikuta unyevu, ondoka, hata kama ratiba inasema nini. Ukikuta pakavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, kisha usirudi mpaka pakauke tena. Mche mdogo unaweza kukaa siku kadhaa, ila mmea mkubwa wenye matunda juani unaweza kutaka maji kila siku. Ndiyo maana naichukia ratiba.

Geuza ndoo uone matundu. Zangu zilikuwa na mawili ya msumari, moja limezibwa na udongo. Toboa sita hivi, ya upana wa kidole kidogo, inyanyue juu ya vipande vya tofali, na sahani ya chini mwaga maji yake, mimi nilikuwa nafuga mbu.

Yaliyokwisha kuwa manjano hayarudi kijani, usiyasubiri. Angalia yanayochipua juu.

Uliuliza na nini tena? Aina za nyanya, hizo watakujibu wengine. Wewe kachomeke kidole sasa hivi, uje useme umekuta nini.