Mgongo wa kiboko niliousahau

Mwaka jana nilimchorea mama mmoja mwenye kazi ya kuosha magari hapa Kisumu mhusika wa nembo yake: kiboko mnene mwenye aproni, taulo kwenye bega la kushoto na ndoo mkono wa kulia. Nikamkabidhi picha ya mbele peke yake, nikalipwa, nikaenda zangu. Wiki chache baadaye nikapita pale. Ukutani kiboko alikuwa ameonyeshwa ubavu, mdomo mrefu kama wa mamba. Mgongoni mwa fulana za vijana, taulo lilikuwa limehamia bega la kulia. Mchoraji wa ukuta na mpiga chapa siwalaumu. Kila mmoja alibuni upande ambao sikumpa.

Siku hizi mhusika namchora mbele, ubavu na nyuma, nikianza na mistari ya kulala inayovuka karatasi nzima ya A3: utosi, macho, chini ya mdomo, mabega, mshipi, ukingo wa aproni, sakafu. Kiboko ana sentimita 20, kichwa chake 8, yaani vichwa viwili na nusu. Nikishachora mbele, ubavu lazima uguse mistari ileile. Jicho likipanda hata nusu sentimita, sura inakuwa ya mnyama mwingine.

Ila mistari hiyo inapima urefu tu. Mdomo unatokeza kiasi gani? Tumbo je? Picha ya mbele haisemi, na hapo ndipo yule mchoraji alipopata mamba wake. Kwa hiyo naamua kwenye ubavu na kuandika kipimo pembeni: mdomo unatoka sentimita 3 mbele ya jicho.

Mgongo ndio rahisi kuliko unavyodhania, mradi usiuchore upya. Umbo la nje la mtu aliyesimama wima, ukimtazama kwa nyuma, ni lile la mbele lililogeuzwa. Mimi naibandika picha ya mbele kwenye kioo cha dirisha, uso ukiangalia nje, kisha nafuatisha umbo kwenye karatasi safi juu yake. Kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, nakili umbo kisha bonyeza H. Taulo lililokuwa upande wako wa kulia linahamia kushoto kwako, na bado liko bega lake la kushoto. Kosa la zile fulana ni kwamba umbo lilinakiliwa bila kugeuzwa. Maandishi ya aproni yaondoe kwanza, la sivyo yatasomeka kinyume.

Halafu futa uso, funga kamba za aproni kiunoni, na masikio yapake rangi ya ngozi, maana uwaridi wa ndani hauonekani kutoka nyuma.

Nilipompelekea yule mama karatasi kamili, aliitazama kitambo, akauliza, “Na mkia, kijana wangu?” Kwa mbele tumbo lilikuwa limeuficha. Nikarudi kuuchora mara mbili, nyuma na ubavuni, ukianzia chini kidogo ya mstari wa mshipi.